Kenya ilishuka kutoka watoto 8 hadi 4.7, halafu ikagoma. Ilikwama kweli?

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha tano na sita. Wiki iliyopita nilichora ubaoni ule mchoro wa mpito wa idadi ya watu, mnaukumbuka: mstari wa vifo na mstari wa vizazi. Kwanza vyote viko juu, kisha vifo vinashuka na vizazi vinabaki juu, baadaye vizazi navyo vinafuata, mwisho vyote vinalala chini. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Akasema kitabu alichorithi kwa kaka yake aliyemaliza 2009 kinasema Tanzania iko hatua ya pili, na cha kwake kipya nacho kinasema hatua ya pili. "Mwalimu, tumekaa tu hapo hapo?"

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia nitamjibu Jumatatu, maana sikuwa na jibu.

Nimechimba kidogo, nikajikuta kwenye namba za jirani zetu Kenya. Hii ni wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja, kutoka kwenye zile tafiti kubwa za kitaifa za uzazi na afya:

1977–78: 8.1
1989: 6.7
1993: 5.4
1998: 4.7
2003: 4.9
2008–09: 4.6
2014: 3.9
2022: 3.4

Angalieni katikati. Ndani ya miaka tisa tu, 1989 hadi 1998, wamedondosha watoto wawili mazima. Halafu kwa miaka kumi hakuna kitu, na hapo 2003 namba imepanda. Baadaye gari likawaka tena. Na sisi tuna kigugumizi cha aina hiyo: 5.6 mwaka 1999, 5.7 mwaka 2004–05, ndipo ikaanza kujikokota hadi 4.8 mwaka 2022.

Swali langu: nini kiligoma Kenya? Ufafanuzi wa hatua nne msinipe, ninao.

Bwana_Mipango

Mwalimu, jibu ni jepesi: umaskini. Miaka ya 1990 uchumi wa Kenya ulilala, ajira serikalini zikafungwa, wananchi wakaanza kuchangia gharama za hospitali na shule. Maskini huzaa kwa sababu mtoto ndiye pensheni yake. Ulaya walitajirika kwanza, ndipo wakapunguza watoto. Nchi inayokwama kwenye hatua ya pili au ya tatu imekwama kiuchumi, kwisha habari. Haya mambo ya vidonge na sindano ni mapambo ya wafadhili.

Mpemba_wa_Muscat

Assalaam aleikum. Mwalimu, mimi sikufahamu hata msingi wa swali lako. Wasema uzazi Tanzania washuka. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7. Hapo kilichoshuka ni nini? Niko huku mwaka wa kumi na nne, kila nikirudi nyumbani nakuta skuli zimejaa kuliko nilivyoziacha. Hizo tafiti zenu huenda zimefanywa mjini tu.

Jedwali

Nimefanya kazi za takwimu za idadi ya watu zaidi ya miaka ishirini, sasa nafuga kuku. Nianze na Mpemba, maana swali lake ndilo huwa linavuruga mjadala huu kila mara.

Chukua kijiji chenye mama 100, kila mmoja na watoto 6. Ni watoto 600, tuseme 300 ni wasichana. Zamani wengi wao wangekufa kwa surua na malaria kabla ya kuvunja ungo. Siku hizi, tuseme 270 wanafika umri wa kuzaa. Hao 270 wakiamua kuzaa watano badala ya sita, kijiji kinapata watoto 1,350. Kila mama amezaa pungufu kuliko mama yake, lakini madawati yanayohitajika ni zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo skuli zako zimejaa kweli, na uzazi umeshuka kweli. Mwalimu anaulizia namba ya kila mama, wewe unahesabu kijiji kizima.

Sasa Kenya. Watu wengi wanaitazama ile 4.7 kuwa 4.9 kama namba moja iliyopanda. Ukitaka kujua gari limegoma wapi, fungua boneti. Namba hii hutengenezwa hivi: katika kila wanawake 1,000 wa rika fulani, wamezaliwa watoto wangapi kwa mwaka. Hizi hapa, 1998 kisha 2003:

15–19: 111, 114
20–24: 248, 243
25–29: 218, 231
30–34: 188, 196
35–39: 109, 123
40–44: 51, 55
45–49: 16, 15

Jumlisha safu ya kwanza: 941. Kila rika lina miaka mitano, kwa hiyo zidisha kwa 5, unapata 4,705 kwa wanawake 1,000, ndiyo hiyo 4.7. Safu ya pili ni 977, mara 5 ni 4,885, ndiyo 4.9.

Sasa tazama nyongeza imetoka wapi. Mabinti wa miaka 15–19 wamebaki pale pale, na wa 20–24 wameshuka kidogo. Kilichopanda ni wanawake wa miaka 25 hadi 39, na rika la 35–39 peke yake limeongeza 14. Wale ni wanawake ambao tayari wana watoto watatu, wanne. Miaka ya nyuma wenzao wa umri huo walikuwa wameanza kusema inatosha. Hawa hawakusema, au walisema na hawakupata njia. Kazi yote ya kueleza huku kukwama iko katika kutenganisha mambo hayo mawili.

Bwana_Mipango

Sasa Jedwali, si umerudi kwangu tu? Hawakupata njia kwa sababu ya umaskini.

Jedwali

Nusu yako ni sahihi, Bwana Mipango. Uchumi ulidorora na uliumiza. Lakini ukisema umaskini ndio ufunguo, itabidi unieleze miaka ya 1989 hadi 1998. Kenya haikuwa tajiri miaka hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya sana, ila ndipo uzazi uliposhuka kwa kasi kuliko wakati wowote. Na Misri, iliyo na kipato kikubwa kuliko Kenya, ilikuwa kwenye 3.0 mwaka 2008, ikapanda hadi 3.5 mwaka 2014, ndipo ikateremka tena hadi 2.85 kufikia 2021. Umaskini hauwezi kueleza hizo zote.

Halafu hilo la Ulaya kutajirika kwanza. Ufaransa uzazi ulianza kushuka mwishoni mwa karne ya 18, wakati wengi wao bado ni wakulima wanaoshika jembe, mapema kuliko Uingereza yenye viwanda. Huo mchoro wa mwalimu ulichorwa na watu waliotazama historia ya nchi chache, Thompson mwaka 1929, Notestein mwaka 1945. Walieleza kilichotokea huko. Hakuna aliyeandika kwamba kila nchi lazima ipande ngazi hiyo kwa mwendo ule ule.

Shangazi_wa_Taveta

Hamjambo wanangu. Mimi si mtu wa takwimu, nauza mitumba, lakini hiyo miaka mnayoisema niliishi.

Niliolewa 1992. Nikazaa 1993, 1995 na 1998. Baada ya huyo wa tatu nikaanza sindano ya miezi mitatu, kliniki ya karibu na kwetu. Ilinikubali vizuri. Mwaka 2001 nikienda naambiwa sindano zimeisha, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo naambiwa bado. Nauli ya matatu kwenda na kurudi, na mzigo wa kuuza nimeuacha. Muuguzi akanipa vidonge, vikanitia kizunguzungu, nikaviacha. Akanipa kondomu nimpelekee mzee. Nyinyi ni watu wazima, mnajua mzee alijibu nini.

2002 nikazaa wa nne. Wakati huo huo ukuta wa kliniki umejaa mabango ya UKIMWI, vipimo vya UKIMWI bure, semina za UKIMWI na soda juu. Sindano yangu haipo. Sisemi UKIMWI haukustahili, tumezika ndugu. Nasema tu nilichoona.

Jedwali

Shangazi, umeandika ripoti nzima. Katika tafiti hizo, wanawake wa Kenya walio kwenye ndoa na wanaotumia njia yoyote ya uzazi wa mpango walikuwa asilimia 27 mwaka 1989, 33 mwaka 1993, 39 mwaka 1998. Mwaka 2003? 39 ile ile. Miaka mitano bila hatua hata moja, baada ya kupanda kila mara. Fedha za wafadhili na macho ya wizara vilihamia kwenye UKIMWI, na mnyororo wa usambazaji wa dawa za uzazi wa mpango ukalegea. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango rasmi wa kitaifa wa uzazi wa mpango, mwaka 1967. Hata waliotangulia hukwama njiani.

Lakini nikisema ni sindano tu nitakuwa nadanganya. Mwaka 2003 kulikuwa na jambo jingine: idadi ya wanawake waliosema hawataki mtoto mwingine, ambayo ilikuwa ikipanda tangu miaka ya 1980, iliacha kupanda. Yaani hata hamu ya kuacha ilisimama.

Mwalimu_wa_Zamu

Hapo ndipo panaponichanganya. Kwa nini mtu aanze tena kutaka watoto?

Jedwali

Rudi kwenye mstari wako wa kwanza ubaoni, ule wa vifo. Kitabu chako kinauchora kama mteremko laini. Kenya, watoto waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa karibu 90 katika kila 1,000 kwenye utafiti wa 1989. Kwenye ule wa 2003 walikuwa karibu 115. Vifo vilipanda, mwalimu. UKIMWI, malaria iliyozoea klorokwini, na hospitali za kulipia. Kwa hiyo nchi iliyokuwa hatua ya tatu upande wa vizazi ilirudi nyuma upande wa vifo. Mama anayeona watoto wa majirani wanazikwa hasimami kwenye watatu. Na ona baadaye: 2014 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 52, na mwaka huo huo uzazi ukashuka chini ya 4.

Lipo na la shule. Kuna watafiti waliolifuatilia rika kwa rika, na mimi naliamini kuliko maelezo mengine. Nani walikuwa na miaka 20 hadi 30 karibu na mwaka 2000? Wasichana waliopaswa kuwa shuleni miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, wakati wa masharti ya kurekebisha uchumi. Kenya ilianza kuchangisha wazazi gharama za elimu mwaka 1988. Familia ikibanwa, anayetolewa shule kwanza ni binti. Dada zake wakubwa walisoma zaidi ya mama zao. Yeye hakuwazidi dada zake, pengine aliwapungukia. Kwa hiyo uzazi unakwama mwaka 2000 kwa sababu ya ada ya mwaka 1989. Ndiyo maana ukitafuta sababu kwenye mwaka huo huo wa kukwama huioni.

Kenya, wanawake ambao hawakusoma kabisa walitoka wastani wa 5.8 mwaka 1998 hadi 6.7 mwaka 2003. Waliofika sekondari walitoka 3.5 hadi 3.2, wanashuka kama kawaida. Nchi moja, watu wawili wanatembea pande mbili tofauti, ukichanganya unapata "imekwama".

Mpemba_wa_Muscat

Hilo la kijiji nimelifahamu, ahsante. Na hilo la shule lanikumbusha Tanzania. Sisi tulisomeshwa wote miaka ya Mwalimu, kisha ikaporomoka, mpaka ada ikafutwa tena 2001 na ule mpango wa MMEM. Ndiyo kusema kigugumizi chetu cha 2004 chatokana na hapo?

Jedwali

Inawezekana, na wapo wanaosema hivyo. Ila nchi yetu ilikwama ikiwa juu zaidi, 5.6, na matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa chini kuliko Kenya. Kupungukiwa na elimu peke yake sijaridhika nako.

Mdadisi_wa_Vumbi

Nimesoma uzi wote nikiwa nacheka peke yangu. Mnabishana juu ya 4.7 na 4.9 kana kwamba zimeshushwa kutoka mbinguni. Ngoja niwaambie zinavyopikwa.

Niliwahi kuwa mdadisi kwenye utafiti mmoja wa kaya, miaka ya 2000, sitasema upi wala nchi gani. Unakaa na mama kwenye mkeka, unaandika watoto wake wote aliowahi kuzaa, mwezi na mwaka. Kila mtoto aliyezaliwa baada ya Januari ya mwaka fulani, miaka mitano hivi nyuma, anakufungulia kurasa nyingine nyingi: chanjo zote, aliharisha lini, alinyonya miezi mingapi, homa, uji, maji. Mtoto aliyezaliwa Desemba, mwezi mmoja kabla ya hapo, hakufungulii kitu. Unafunga dodoso, unaenda kaya nyingine.

Sasa ni saa nane mchana, una kaya mbili zimebaki, gari la msimamizi linapiga honi. Unamwuliza mama, huyu Juma kazaliwa lini? Anasema, "Mvua za El Nino zilikuwa zimeisha, tulikuwa tunapalilia." Kadi ya kliniki imeliwa na panya. Hiyo ni 1998, lakini mwezi gani? Mwaka kabla au baada ya mstari? Sitasema mimi niliandika nini. Nitasema tu kwamba kwenye timu yetu kulikuwa na watoto wengi wa miaka minne na nusu waliotimiza miaka mitano ghafla.

Mwalimu_wa_Zamu

Duh. Na hiyo inabadilisha wastani wa watoto?

Jedwali

Inabadilisha, na ndugu yangu Mdadisi amegusa penyewe. Wastani unahesabiwa kwa vizazi vya miaka mitatu hivi au mitano ya karibuni. Ukiwasukuma watoto nyuma ya mstari, uzazi wa karibuni unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Mtu anagunduaje? Chora idadi ya watoto waliozaliwa kila mwaka kwa maelezo ya akina mama wenyewe. Kama hakuna vita wala njaa, mstari unapaswa kwenda taratibu. Ukiona shimo mwaka unaofuata mstari wa dodoso, na nundu mwaka ulioutangulia, ujue wadadisi walichoka. Njia ya pili ni kuchukua tafiti mbili. Utafiti wa 2003 nao unauliza vizazi vya 1995, 1996, 1997, ambavyo ule wa 1998 uliwahi kuvihesabu. Kama wa pili unaleta watoto wengi kuliko wa kwanza kwa miaka ile ile, basi wa kwanza uliacha watoto nje.

Fikiria maana yake. Kama 1998 watoto waliachwa wengi, basi uzazi halisi wa Kenya wakati ule haukuwa 4.7, ulikuwa juu zaidi. Na kama 2003 kazi ilifanywa vizuri, 4.9 ni sahihi. Hapo hakuna kukwama. Kuna mteremko wa taratibu ambao utafiti mmoja uliuonyesha kwa kasi ya uongo, na unaofuata ukaonekana kama umegoma. Mtafiti Schoumaker alirudia hesabu hizi kwa nchi nyingi za Afrika, na visa vingi vya kukwama vilififia mikononi mwake. Kenya haikufutika kirahisi, kuna watu waliobaki wakisema ilikwama kweli ingawa si kwa ukali ule.

Na kosa la sampuli tusilisahau. Tofauti ya 0.2 kati ya tafiti mbili ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa hata kama ilipanda. Unachoweza kusema ni kwamba haikushuka kama ilivyotarajiwa.

Bwana_Mipango

Kwa hiyo umetumia mabandiko matatu kueleza sababu za kitu ambacho huenda hakikutokea?

Jedwali

😀 Ndiyo. Karibu kwenye fani. Lakini kumbuka matumizi ya uzazi wa mpango yalibaki 39, na mtoto huwezi kumsukuma kwenye swali hilo. Vifo navyo vilipanda kwa ushahidi wa kila upande. Kuna kitu kilitokea. Tunachobishania ni ukubwa wake.

Na lipo la kaskazini. Utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza kufika Kaskazini Mashariki, Garissa, Wajir na Mandera. Za nyuma hazikufika. Huko wastani ulikuwa 7.0. Ukiliondoa eneo hilo ili ulinganishe sawa kwa sawa, 4.9 inakuwa 4.8. Haimalizi mgogoro, lakini nusu ya ile "kupanda" imeondoka kwa kubadilisha ramani tu. Hata ile 6.7 ya wasiosoma niliyoitaja ina watu wa kaskazini ndani yake ambao 1998 hawakuhesabiwa. Nilipaswa kusema pale pale, samahani.

Mwalimu_wa_Zamu

Sasa nikichora Kenya ubaoni nichore nini? Maana nimeona kwenye utafiti wa 2022 Mandera ni 7.7 na Nairobi 2.5. Hiyo ni hatua ya pili na karibu hatua ya nne ndani ya mpaka mmoja.

Jedwali

Chora mistari miwili ya vizazi, mmoja Mandera mmoja Nairobi, halafu waulize wanafunzi mstari wa kati utapita wapi, na utasogea vipi kama Mandera haibadiliki ila watu wake wanaongezeka. Kijana wako atajijibu mwenyewe kuhusu Tanzania. Sisi hatujakaa. Kutoka 6.2 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 ni mwendo, ila ni mwendo wa mkokoteni, na hicho kisanduku cha "hatua ya pili" ni kipana kiasi kwamba unaweza kutembea miaka thelathini bila kutoka.

Hapa nina jambo ambalo sijawahi kulimaliza kichwani. Caldwell na wenzake waliandika miaka ya 1990 kwamba Afrika huenda mpito wake ni wa aina nyingine. Asia, mama anazaa watatu haraka, anafunga kabisa. Huku kwetu watu wanatumia njia za kisasa kupumzika kati ya mtoto na mtoto, katika umri wote, binti na mtu mzima. Kama ni hivyo, ukikosa sindano miaka miwili hukosi "kuacha kuzaa", unafupisha mapumziko, na uzazi unapanda kwenye kila rika. Lakini ile orodha ya 1998 na 2003 inaonyesha mpando umekaa miaka 25 hadi 39, si kila rika. Hiyo inafanana na watu walioshindwa kuacha. Sasa ni kupumzika au ni kuacha?

Shangazi, nikuulize wewe, usiponielewa niambie. Mwaka 2001 ulipofuata sindano, ulikuwa unapumzika au ulikuwa umemaliza?

Mdadisi_wa_Vumbi

Swali hilo kwenye dodoso lipo. "Ungependa kupata mtoto mwingine, au usingependa kabisa?" Nimeliuliza mara elfu.

Bwana_Mipango

Na mimi bado nasema umaskini. Shangazi angekuwa na hela angenunua sindano kwenye duka la dawa. Sijasikia mtu akinijibu hilo.

Shangazi_wa_Taveta

Bwana Mipango, duka la dawa lilikuwepo na hela ya sindano nilikuwa nayo. Mwenye duka ni shemeji yake mzee. Ningenunua asubuhi, jioni ukoo mzima unajua.

Jedwali, umeniuliza jambo la maana na nimelala nalo usiku mzima. Wakati ule mwenyewe sikujua. Nilisema napumzika kwanza, mwili umechoka na watoto watatu. Ukipumzika mwaka unaona raha, unasema labda imetosha. Halafu mama mkwe anakuja likizo anauliza huyu mdogo mbona hana wa kumfuata, unasema basi labda mmoja. Huyo wa nne alipofika nilimpenda, sasa yuko chuo Eldoret. 2004 sindano zilipoanza kupatikana tena nilirudi, na sikuzaa tena.

Na alikuja kweli msichana mmoja na madodoso, mwaka huo huo wa 2003 au karibu yake. Akaniuliza hilo swali lenu, ungependa mwingine au usingependa kabisa. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Nikasema ningependa.

Mdadisi_wa_Vumbi

Tulifundishwa kumwomba mtu wa tatu atoke nje kabla ya swali hilo.

Shangazi_wa_Taveta

Mama mkwe wangu? Atoke nje kwa msichana wa madodoso?